Chafya za Baada ya Masika: Kwa Mzazi wa Mtoto Mwenye Mzio wa Chavua

Mvua za masika zimekatika, jua limerudi, na uwanja wa shule umejaa nyasi ndefu zilizotoa masuke. Mtoto wako ameanza tena. Akiamka hupiga chafya sita au saba mfululizo, anasugua pua kwa kiganja akiisukuma juu, macho yamekuwa mekundu, na usiku analala mdomo wazi kwa sababu pua imeziba. Umempeleka zahanati, akapewa antibayotiki, akapata nafuu siku mbili, kisha mambo yakarudi palepale. Jirani amekwambia kinga ya mtoto imeshuka, na duka la dawa limekuuzia chupa ya kuongeza kinga. Sasa unajiuliza ni ugonjwa gani huu usiokwisha.

Mzazi mwenzangu, kinga ya mtoto huyu haijashuka. Ina nguvu zake zote, ila inazielekeza kwa kitu kisicho na madhara. Huo ndio mzio: mwili unakutana na unga wa maua ya nyasi, ambao hauna sumu wala kijidudu, nao unaushughulikia kana kwamba ni mdudu hatari aliyeingia. Chafya, makamasi na mwasho vyote vinatoka kwa mwili wenyewe. Nyasi hazijamdhuru mtoto. Ukielewa jinsi mwili unavyofikia hapo, utaelewa pia kwa nini dawa fulani inasaidia saa hii na nyingine inataka majuma mawili, na kwa nini ile chupa ya kuongeza kinga haiwezi kufanya lolote.

Chavua ipi inayoleta shida

Tuanze na chavua yenyewe, kwa sababu wazazi wengi hung'oa mimea isiyo na hatia. Mtoto akianza kupiga chafya, mkono wa kwanza huenda kwenye mawaridi na bogenvilia zilizo mbele ya nyumba. Lakini maua yenye rangi kali na harufu nzuri yamejipamba ili kuwaita nyuki na vipepeo. Chavua yao kwa kawaida ni nzito na yenye kunata, hubebwa miguuni mwa wadudu, na ni kidogo sana inayofika puani mwa mtoto anayepita.

Mimea inayosumbua zaidi ni ile inayotegemea upepo. Nyasi ndizo za kwanza: ukoka, nyasi za kikuyu, mabingobingo yanayopandwa kwa ajili ya ng'ombe. Maua yao huyaoni kama maua. Ni yale masuke membamba ambayo ukiyapiga kwa kidole asubuhi kavu hutoa ukungu wa unga. Kwa kuwa upepo hauchagui pa kwenda, mmea wa aina hii hulazimika kumwaga chavua nyingi mno ili punje chache zifike zinakotakiwa. Zilizobaki huzagaa hewani. Miti kadhaa nayo hufanya hivyo, kama mivinje ya pwani na misipresi ya nyanda za juu. Punje ya chavua ya nyasi ina upana wa takribani sehemu 30 za elfu moja ya milimita, kwa hiyo haionekani ikiwa peke yake, na hupeperuka kwa urahisi.

Jambo hili lilithibitishwa na daktari mmoja wa Manchester, Uingereza, Charles Blackley, aliyekuwa na mzio huo mwenyewe. Katika kitabu chake cha mwaka 1873 alieleza jinsi alivyojipaka chavua za mimea mbalimbali puani na kwenye ngozi aliyoikwaruza, akaandika kilichotokea. Alirusha hata vishada vilivyobeba vioo vyenye gundi ili kunasa chavua iliyo juu angani. Kabla yake wengi walidhani ugonjwa huo unaletwa na joto la kiangazi au harufu ya majani makavu. Blackley alionyesha kwamba ni chavua, na hasa ya nyasi. Ule mkwaruzo wake wa ngozi ndio chanzo cha kipimo ambacho hadi leo hufanyika katika kliniki za mzio.

Mwili unavyojifunza kimyakimya

Mara ya kwanza mtoto anapovuta chavua, hakuna kinachoonekana. Punje inatua kwenye utando wenye unyevu ndani ya pua, inalowana, na baada ya dakika chache inaachia protini zake. Kwa watoto wengi habari inaishia hapo. Protini zinaoshwa na makamasi na kumezwa, mwili hauna habari nazo.

Kwa mtoto mwenye mwelekeo wa mzio, seli za kinga zilizo chini ya utando huo huzichukua protini zile na kuzipeleka kwenye tezi za jirani, zile ambazo ukizipapasa shingoni wakati wa tonsili unazihisi zimevimba. Huko ndiko uamuzi unakofanyika. Badala ya seli za tezi kusema kwamba kitu hiki kipuuzwe, zinaagiza kutengenezwa kwa kingamwili ya aina ya pekee, ambayo kwenye karatasi za maabara huandikwa IgE. Kingamwili hii ilitambuliwa mwaka 1966 na wanasayansi wawili wa Kijapani waliokuwa wakifanya kazi Denver, Marekani, Kimishige na Teruko Ishizaka, ambao walikuwa mke na mume.

IgE haielei tu kwenye damu. Inakwenda kujipachika juu ya seli zinazoitwa masti, ambazo zimejaa puani, machoni, kwenye ngozi na kwenye njia za hewa za mapafu. Kila seli ya masti ina vifuko vingi vya kemikali, maarufu kati yake ikiwa histamini. IgE ikishapachikwa, seli hiyo inakuwa mtego uliotegwa: umekazwa, unasubiri kuguswa, na mtoto hajui kitu. Anacheza, anakula, pua yake kavu. Kazi hii ya kutega inaweza kuendelea kwa misimu kadhaa ya nyasi kabla dalili ya kwanza haijatokea.

Hapa pana majibu ya maswali mawili. La kwanza ni lile la mzazi anayesema, "Mbona mwaka jana alikuwa anacheza kwenye nyasi hizohizo na hakuugua?" Mwaka jana mtego ulikuwa bado unategwa. La pili linahusu mtoto mchanga. Kwa kuwa kujifunza huku kunahitaji misimu, mzio wa chavua ni nadra kabla ya umri wa miaka miwili. Mtoto wa miezi minane mwenye pua inayoziba kila wakati ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na mafua ya kufuatana au sababu nyingine, na anapaswa kuchunguzwa kwa mwelekeo huo.

Mtego unapofyatuka

Msimu unaofuata, chavua ya nyasi inatua tena puani. Safari hii protini yake inashika IgE mbili zilizo jirani juu ya seli moja na kuziunganisha. Muungano huo ndio unaofyatua mtego. Ndani ya dakika chache seli inamwaga histamini. Histamini ikigusa neva za pua, mtoto anawashwa na kupiga chafya. Ikigusa mishipa midogo ya damu, mishipa inapanuka na kuvuja maji, na makamasi mepesi yanaanza kuchuruzika. Macho nayo yanawasha na kutoa machozi kwa njia hiyohiyo. Hili ni wimbi la kwanza, na mara nyingi hutulia katika saa moja au mbili.

Lipo wimbi la pili ambalo wazazi wengi hawalihusishi na nyasi kabisa. Seli za masti zinapofyatuka hutoa pia kemikali zinazoita seli nyingine za kinga kutoka kwenye damu. Seli hizo hufika baada ya saa nne hadi nane, na kazi yao kuu ni kuvimbisha. Utando wa pua unanenepa, njia inakuwa nyembamba, na pua inaziba. Ndiyo maana mtoto aliyecheza mpira kwenye nyasi saa nne asubuhi anaweza kuwa mzima saa nane mchana, kisha akashindwa kupumua kwa pua saa mbili usiku, akiwa kitandani, mbali na uwanja. Mzazi analaumu shuka, feni au baridi ya usiku, kumbe ni hesabu ya asubuhi.

Siku zikifuatana za kuvuta chavua, uvimbe haupati muda wa kushuka. Utando unakuwa mwepesi kuchokozeka kiasi kwamba chavua kidogo sana, au hata moshi wa jikoni na marashi, vinatosha kumfanya mtoto apige chafya. Ndipo mzazi anaposema mtoto wake sasa "ana mzio na kila kitu". Mara nyingi mzio ni wa kitu kimoja au viwili. Vingine vinachokoza tu pua ambayo tayari imevimba, na uvimbe ukishuka, vinaacha kusumbua.

Kwa nini mtoto wangu?

Sehemu ya jibu ni urithi. Mzazi mmoja mwenye pumu, mzio wa pua au ukurutu wa ngozi huongeza uwezekano kwa mtoto, na wazazi wote wawili huongeza zaidi. Kinachorithiwa ni mwelekeo wa kutengeneza IgE kwa wepesi. Mzio wa kitu fulani haurithiwi, kwa hiyo baba anaweza kuwa na mzio wa paka na mwana akawa na mzio wa nyasi. Mara nyingi mtoto huanza na ngozi inayowasha kwenye mikunjo ya viwiko na magoti akiwa mdogo, kisha pua hufuata akiwa na umri wa kwenda shule.

Sehemu nyingine inahusu mahali mtoto anapokulia. Watoto wanaolelewa shambani, karibu na mifugo, katika nyumba yenye watu wengi, wameonekana katika tafiti nyingi kuwa na mzio wa pua kwa kiwango kidogo kuliko wa mjini. Mwaka 1989 mtafiti wa Uingereza David Strachan aliona kwamba watoto wenye ndugu wengi wakubwa walipata mzio wa pua mara chache zaidi. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kinga inayokutana mapema na vijidudu vingi visivyo na madhara hujifunza vizuri zaidi kupuuza. Hili halimaanishi umwache mtoto bila kunawa mikono wala umnyime chanjo. Magonjwa yanayoletwa na uchafu ni hatari kuliko chafya. Tena halimaanishi ulimkosea kwa kumlea mjini.

IgE yenyewe ina kazi halali. Husaidia mwili kupambana na minyoo na vimelea wengine wakubwa. Mzazi wa Afrika Mashariki anapaswa kulijua hili kwa sababu ya vipimo. Mtoto mwenye minyoo anaweza kuwa na IgE ya jumla iliyo juu sana bila kuwa na mzio wowote. Kwa hiyo karatasi inayosema tu kwamba IgE ya jumla imepanda haithibitishi mzio wa chavua, na usikubali kulipia kipimo hicho peke yake ili kupata jibu. Chenye maana ni kipimo cha kitu mahususi: tone la protini ya nyasi linawekwa kwenye ngozi ya mkono, ngozi inachomwa kidogo, na baada ya dakika 15 hadi 20 inaangaliwa kama pamevimba kwa milimita 3 au zaidi kuliko tone la maji ya chumvi la kulinganishia. Mtoto aache dawa za kuzuia histamini siku kadhaa kabla, kwa kawaida juma zima, la sivyo ngozi itanyamaza na jibu litakuwa la uongo. Na hata kipimo kikionyesha uvimbe, kinathibitisha kwamba mtego upo. Kama ndio unaomuumiza mtoto, hilo linaamuliwa na historia ya dalili zake.

Mafua au mzio?

Historia hiyo unaweza kuianza mwenyewe nyumbani. Alama kubwa ya mzio ni mwasho: pua, macho, kaakaa, wakati mwingine ndani ya masikio. Mafua hayawashi hivyo. Mafua huja na homa, koo kuuma na mwili kuchoka, makamasi yake huwa mazito, na mara nyingi huisha ndani ya siku kumi. Mzio hauleti homa, makamasi hubaki mepesi na meupe, na hurudia kwa majuma. Tazama pia daraja la pua: mtoto anayeisukuma pua juu kila siku hupata mstari mdogo unaokatiza karibu na ncha. Chini ya macho panaweza kuwa na weusi unaotokana na damu kutuama kwenye pua iliyovimba.

Zipo hali mbili zinazofanana na mzio lakini si mzio. Mtoto anayetoa usaha wenye harufu mbaya katika tundu moja tu la pua huenda ameingiza kitu, punje ya haragwe au kipande cha sponji, na anahitaji mtu wa kukitoa. Mtoto mdogo anayekoroma kila usiku mwaka mzima bila kuwashwa wala kupiga chafya huenda ana nyama za puani zilizokua, na huyo ni wa daktari wa masikio, pua na koo.

Chukua daftari na uandike kwa majuma mawili mambo manne tu: hali ya hewa, mtoto alikuwa wapi, dalili zilianza saa ngapi, na usiku alilalaje. Tuangalie mfano wa msichana wa miaka minane anayesoma Arusha, mwezi wa Juni. Jumatatu kavu yenye upepo, michezo uwanjani saa nne. Chafya na macho kuwasha saa nne na robo, usiku pua imeziba. Jumanne hali ni hiyohiyo. Jumatano nyasi za shule zinafyekwa darasa likiendelea. Anarudi nyumbani macho yamevimba na anakohoa. Alhamisi manyunyu ya kutwa, watoto wanabaki ndani. Chafya mbili tu, usiku kidogo nafuu. Jumamosi yuko nyumbani, lakini shuka zimeanikwa juu ya ua wa ukoka. Usiku anapiga chafya kitandani. Jumapili shuka zimebadilishwa, analala vizuri.

Daftari hilo linasema mengi kuliko maelezo ya kukumbuka kwa haraka mbele ya daktari. Dalili zinafuata nyasi na upepo, zinapungua mvua ikiosha hewa, na pua inaziba saa kadhaa baada ya kuguswa na chavua, kama wimbi la pili linavyofanya. Kama daftari lingeonyesha chafya kila alfajiri mwaka mzima, kiangazi na masika, hasa katika nyumba ya pwani yenye unyevu, ningefikiria utitiri wa vumbi unaoishi kwenye godoro na mito, na ushauri ungekuwa wa chumba cha kulala zaidi kuliko wa uwanja.

Kila dawa na hatua yake

Sasa dawa zitaeleweka kirahisi. Dawa za kuzuia histamini, kama setirizini na loratadini, hukalia mahali ambapo histamini ingekalia. Hazizuii mtego kufyatuka. Zinazuia neva na mishipa isisikie. Ndiyo maana hufanya kazi vizuri kwa mwasho, chafya na makamasi, na hufanya kazi vizuri zaidi zikimezwa kabla ya mtoto kwenda uwanjani. Kwa setirizini, mtoto wa miaka 2 hadi 5 kwa kawaida hupewa miligramu 2.5 hadi 5 kwa siku, na wa miaka 6 hadi 11 miligramu 5 hadi 10. Soma kwenye chupa kila mililita ina miligramu ngapi, pima kwa bomba la dawa badala ya kijiko cha chai, na mwambie mfamasia kama mtoto ana tatizo la figo. Piritoni iliyozoeleka nayo huzuia histamini, ila huingia kwenye ubongo na kumlaza mtoto. Anakaa darasani macho wazi lakini hasikii somo. Kwa dalili za kila siku, chagua zile zisizolaza.

Lakini pua iliyoziba ni kazi ya wimbi la pili, na dawa ya histamini peke yake haitalishusha. Hapo inahitajika steroidi ya kupuliza puani, kama beklometasoni, flutikasoni au mometasoni. Hii hutuliza seli zinazoleta uvimbe. Nafuu huanza polepole, na nguvu yake kamili huonekana baada ya takribani majuma mawili ya kutumia kila siku. Kosa linaloharibu tiba hii ni mzazi kuitumia siku mbili, kuona pua bado imeziba, na kuitupa. Ukijua msimu wa mtoto wako kutokana na daftari, muulize daktari kama aianze juma moja au mawili kabla nyasi hazijatoa masuke.

Namna ya kupuliza ni muhimu kama dawa yenyewe. Mtoto asafishe pua kwanza, ainamishe kichwa mbele kidogo. Tundu la kushoto lipulizwe kwa mkono wa kulia, na la kulia kwa mkono wa kushoto, ncha ya chupa ikielekea upande wa nje, usawa wa jicho. Isielekezwe kwenye ukuta wa katikati ya pua, kwani hapo dawa hukausha utando na kuleta damu. Avute hewa taratibu. Akivuta kwa nguvu, dawa itaishia kooni. Wazazi huogopa neno steroidi, na hofu hiyo ina msingi kwa vidonge na sindano. Dozi ya kupuliza ni ndogo na hubaki zaidi puani, lakini mtoto anayeitumia kwa miezi apimwe urefu anapohudhuria kliniki. Sindano ya steroidi ya muda mrefu, ambayo baadhi ya maduka huiita sindano ya mzio, ikataliwe kwa tatizo hili. Hupunguza uwezo wa mwili kutengeneza homoni zake, na madhara yake hayastahili kwa ajili ya pua.

Matone ya kuzibua pua haraka hubana mishipa kwa saa chache. Yakitumika zaidi ya siku tano, pua huzoea na kuziba vibaya zaidi yanapoisha, na kwa watoto chini ya miaka 6 yasitumike bila daktari. Antibayotiki huua bakteria, na hapa hakuna bakteria. Ile nafuu ya siku mbili huenda ilikuwa ni mvua tu. Asali nayo haitibu mzio huu, kwa sababu nyuki huchukua zaidi chavua nzito ya maua yao, ambayo si ile iliyo angani. Na chupa ya kuongeza kinga inajaribu kuongeza kitu ambacho hakikupungua.

Kwa dalili kali zisizotulia, ipo tiba ya kuufundisha mwili upya kwa kumpa protini ya chavua kidogo kidogo, kwa sindano au chini ya ulimi. Ilianzishwa London mwaka 1911 na Leonard Noon. Huchukua takribani miaka mitatu, hufanywa na wataalamu wa mzio, na inapatikana katika vituo vichache. Kati ya tiba zilizotajwa hapa, ndiyo pekee inayogusa ile hatua ya kutega mtego.

Nyumbani na shuleni

Huwezi kuifagia hewa, lakini unaweza kupunguza hesabu ya siku. Akirudi shuleni abadilishe nguo na kuoga, nywele zikiwemo, kabla ya kupanda kitandani. Shuka na foronya zisianikwe juu ya nyasi wala karibu na ua unaochanua. Nyasi za uani zifyekwe kabla hazijatoa masuke, na siku ya kufyeka mtoto awe mbali. Mwombe mwalimu ampangie michezo kwenye uwanja wa udongo au saruji siku kavu zenye upepo. Barua fupi ya daktari husaidia. Mafuta mazito ya kupaka ngozi, yakipakwa kidogo kuzunguka matundu ya pua, hunasa sehemu ya chavua kabla haijaingia.

Kuosha pua kwa maji ya chumvi huondoa chavua iliyokwisha kutua. Changanya nusu kijiko cha chai cha chumvi isiyo na madini joto katika kikombe cha mililita 240 cha maji yaliyochemka na kupoa. Usitumie maji ya bomba yasiyochemshwa. Tengeneza mapya kila siku, na ufanye hivyo kabla ya dawa ya kupuliza.

Usisubiri

Njia ya hewa ya pua na ya mapafu ni moja, na watoto wengi wenye mzio wa pua wana pumu pia. Yule msichana wa Arusha alikohoa siku ya kufyeka, na hilo ndilo jambo la kwanza ningelimweleza daktari. Kikohozi cha usiku, kifua kinachopiga filimbi, au kuchoka mapema kuliko wenzake michezoni, vyote vinahitaji kifua kichunguzwe. Akipumua kwa kasi mbavu zikiingia ndani, akashindwa kumaliza sentensi, au midomo ikawa ya samawati, hiyo ni dharura ya hospitali saa hiyohiyo. Kama amepewa salbutamoli ya kuvuta, mpe njiani.

Chavua ya kuvuta mara chache sana huleta mshtuko wa mwili mzima. Hatari hiyo hutoka zaidi kwa vyakula kama karanga na samaki, kwa kuumwa na nyuki, na kwa dawa, hasa za sindano. Mtoto akivimba uso na ulimi, akatapika, akapumua kwa shida au kulegea dakika chache baada ya vitu hivyo, dawa yake ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, na vidonge vya mzio haviwezi kuchukua nafasi yake. Mlaze, usimsimamishe, kama anapumua kwa shida mwache aketi. Mkimbize panapopatikana sindano hiyo.

Usipoziona ishara hizo, una nafasi ya kwenda hatua kwa hatua. Anza daftari leo. Baada ya majuma mawili lipeleke kwa daktari, na umuulize mambo matatu: kama dalili zinafuata nyasi au kitu kingine, kama pua inayoziba inahitaji dawa ya kupuliza, na kama kifua ni salama. Mtoto akitumia dawa sawasawa kwa mwezi mmoja na bado halali usiku, mrudishe, na uombe rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo au kliniki ya mzio.